Jiko letu la umeme: namba za kuchemsha, kukaanga na kutokosa taratibu

Habari zenu wana nyumba,

Karatasi hii ibaki hapa ukutani juu ya jiko. Luku tunachanga wote wanne, na hakuna kitu humu ndani kinachokula yuniti kama hili jiko. Pleti kubwa ya kushoto ni wati 1500, ndogo ya kulia ni wati 1000. Namba kwenye swichi zilikuwa zimefutika, nimeziandika upya kwa rangi ya kucha, 0 mpaka 6. Swichi ya pleti ndogo imelegea na inadanganya: 3 yake ni sawa na 2 ya kubwa. Kila namba nitakayotaja hapa ni ya pleti kubwa. Ukipikia ndogo, ongeza moja.

Namba hizi si kama moto wa gesi. Pleti ikiwaka inawaka kwa nguvu zake zote, uwe umeweka 2 au 6. Namba inaamua tu ikifika joto gani ijikate. Ndiyo maana mnasikia "tik", taa nyekundu inazimika, baadaye inawaka tena yenyewe. Jiko halijafa, msilipige makofi. Na taa ikizimika haimaanishi pleti imepoa. Inaweza kuunguza mkono hata nusu saa baada ya kuzimwa.

Pleti ni chuma kizito. Inachukua dakika 4 au 5 kushika moto, na ukipunguza namba, sufuria inakuja kuhisi baada ya dakika kadhaa. Kwa hiyo hapa tunapunguza kabla ya chakula kutaka, hatusubiri kifurike.

KUCHEMSHA: 6, mfuniko juu. Lita 2 za maji ya bomba zinachemka kwa dakika 12 hadi 15 na kula karibu yuniti 0.3. Birika la umeme linafanya kazi hiyo hiyo kwa karibu yuniti 0.2 na kwa nusu ya muda. Basi maji ya ugali, wali au tambi yachemshie kwenye birika, huku pleti ikipata moto na sufuria yenye maji kidogo juu yake, kisha mimina. Yakishachemka, teremsha hadi 3. Arusha tuko kwenye mita 1400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, na hayapandi zaidi ya hapo hata ukiacha 6 mpaka kesho. Unachopata ni mvuke dirishani na yuniti zinazokwenda. Kimo hicho hicho ndicho kinachofanya maharage ya hapa yachelewe kuliko ya nyumbani kwenu Tanga au Dar, si kwamba jiko ni bovu.

Ugali: maji yakichemka kwa 6, weka unga wa uji, uache utokote dakika 3, shusha hadi 4 ndipo uanze kusonga. Jiko hili ni jepesi na mguu mmoja hauna raba, ukilisonga kwa nguvu linateleza. Ukifika kwenye kusonga kwa mabega, ipua sufuria, iweke chini kwenye kitambaa kikavu, songa, kisha rudisha kwenye 2 dakika 3 uive.

KUKAANGA: 4 inatosha karibu kila kitu: vitunguu, mayai, chapati, dagaa. Chipsi na samaki 5. Sita isitumike kwa mafuta kabisa, kwa sababu chuma kikishapitiliza huwezi kukirudisha haraka, na mafuta yanaanza kutoa moshi ukiwa bado unamenya viazi. Acha kikaango kikae dakika 5, weka mafuta, chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti. Vikitoka viputo vidogo vidogo kuzunguka mti, tayari. Vitunguu vikianza kugeuka rangi kwa kasi, inua kikaango kabisa kutoka kwenye pleti. Kuzungusha swichi peke yake kutakuletea vitunguu vyeusi. Chipsi weka kidogo kidogo na ukaushe kwanza kwa kitambaa. Ukijaza, mafuta yanapoa na viazi vinayanywa.

Mafuta yakishika moto: zima soketini kama unaweza kuifikia bila kupitisha mkono juu ya moto, funika kwa mfuniko, usiinue mpaka yapoe. USIMWAGE MAJI, na usikibebe kikaango kukimbiza nje.

KUTOKOSA TARATIBU: hapa ndipo yuniti nyingi zinapopotea. Maharage au makande: loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha kwa nguvu kwa 6 dakika 10 kamili (maharage mabichi yana sumu ambayo moto mdogo hauimalizi), kisha 2 ukiwa umefunika. Viputo vichache vikipanda juu, inatosha. Kwenye 2 pleti inajikata muda mwingi, kwa hiyo saa moja haifiki hata yuniti moja. Sufuria hiyo hiyo ikiachwa wazi kwenye 6 kwa saa mbili inaweza kula karibu yuniti 3, na bado utaongeza maji kila mara. Maji ya kuongeza yawe ya moto. Nyama ya mchuzi nayo ni 2. Chai ya maziwa ni 3 na usiondoke, maana maziwa yakifurika yanaingia chini ya pleti, yanaungua na kunuka wiki nzima.

Wali una ujanja wake. Vikombe 2 vya mchele kwa 3 vya maji, 6 mpaka maji yalingane na mchele. Wakati huo washa pleti ndogo kwenye 3 yake, yaani 2 ya kubwa, uhamishie sufuria huko. Dakika 10, zima, usifunue dakika 10 nyingine. Ukiuacha kwenye kubwa, joto lililobaki litakutengenezea ukoko nusu ya sufuria. Wa kupenda ukoko, shauri yenu.

Sufuria iwe na kitako bapa. Ile iliyobonyea inagusa katikati tu na pleti inachoma hewa. Lile sufuria kubwa la sherehe lisikae hapa kabisa: linafunika mwili wa jiko, joto linarudi chini na swichi inakata kabla ya wakati.

Jiko lichomekwe soketi ya ukutani, si ekstensheni. Pleti zote mbili ni wati 2500, karibu ampea 11. Ukiongeza birika la wati 2000 kwenye waya huo huo zinakuwa karibu 20, na plagi ni ya 13. Plagi ikiwa ya moto kuishika, au ukiligusa jiko likakusisimua vidole, zima na uniambie kabla ya kupika.

Umeme ukikatika, au Luku ikiisha, rudisha swichi zote 0 na zima soketini. Ukirudi saa nane usiku, sufuria kavu itakuwa inaungua wote tumelala.

Kufuta: ikiwa vuguvugu, kitambaa chenye unyevu kidogo, washa 2 kwa dakika moja ikauke, tone la mafuta isishike kutu. Maji baridi juu ya pleti ya moto yanaipasua chuma.

Wa chumba cha nyuma