Hati ya video fupi ya saluni: kutoka nywele za asili hadi rasta, sekunde thelathini

Video hii ina urefu wa sekunde 30 kamili na inarekodiwa simu ikiwa imesimama wima, kwa vipimo vya 1080 × 1920 na picha 30 kwa kila sekunde. Inamwonyesha mteja mmoja akisukwa rasta zisizo na fundo, za unene wa wastani na zinazofika kiunoni, kuanzia nywele zake za asili zikiwa wazi hadi anapoinuka kitini. Wanaoonekana ni wawili tu, mteja na msusi. Mteja amekwisha kukubali kwa maandishi kwamba uso wake utumike, na ataitazama video nzima kabla haijatoka.

Nia yetu ni mtazamaji aone kwamba rasta zimependeza bila nywele za mwenyewe kuteswa. Kwa hiyo sekunde nyingi kuliko zote zinapewa shina la rasta moja, mahali ambapo video nyingi za kusuka hupita mbio, na umalizio unapewa nafasi ndogo kwa sababu uzuri wake hauhitaji kuelezwa.

Maandalizi ya kurekodi

Mteja afike akiwa ameoshwa nywele, amepakwa mafuta mepesi na nywele zimekauka kabisa, maana unyevu uliofungiwa ndani ya rasta huleta harufu na muwasho. Kiti kikae pembeni mwa dirisha ili mwanga uingie kwa ubavu: nywele nyeusi humeza mwanga, na mwanga unaotoka mbele moja kwa moja hufuta njia zote zilizopasuliwa kichwani. Miguu ya kiti na ya stendi ya simu ichorewe alama sakafuni kwa utepe wa gundi, kwa kuwa picha ya mwanzo na ya mwisho ni lazima zilingane kwa umbali, kimo na pembe. Mwangaza na rangi za kamera zifungwe zisijirekebishe zenyewe, la sivyo nywele zitaonekana nyeusi, kisha kahawia, kisha nyeusi tena katika sehemu iliyoharakishwa.

Nywele bandia ziwe zimechambuliwa na ncha zake kuvutwa zisilingane kabla kamera haijawashwa, ili rasta zimalizikie kwa wembamba na msusi asikatishe kazi katikati. Meza iwe na kitana chenye mkia, vibanio, chombo cha maji ya moto na taulo mbili, na vitu vingine vyote viondolewe.

Onyesho la kwanza: sekunde 0 hadi 3

Picha: Mteja ameketi akiitazama kamera, nywele zake zikiwa wazi na zimechanuliwa. Anageuza kichwa polepole kuelekea kushoto, kisha anakirudisha. Asiinamishe uso wala asionekane mnyonge, na nywele zisivurugwe makusudi ili mwisho uonekane mzuri zaidi. Nywele zake za asili ni nzuri, na ndizo zitakazobeba kazi yote inayofuata.

Sauti ya msimulizi: "Hizi ni nywele zake mwenyewe, zimeoshwa na kukaushwa."

Maandishi kwenye kioo: *Kabla*

Onyesho la pili: sekunde 3 hadi 7

Picha: Kamera iko juu, nyuma ya kichwa. Mkia wa kitana unapita kwenye ngozi ya kichwa na kupasua njia moja iliyonyooka kutoka sikio hadi sikio, kisha njia fupi zinazokata fungu hilo kuwa vipande vinavyolingana. Nywele zisizohusika zimebanwa kwa vibanio. Tunachukua njia moja ndefu bila kuikata, kwa sababu mkono usiosita ndio unaomtambulisha msusi hodari.

Sauti ya msimulizi: "Kila njia inapasuliwa kwa mkia wa kitana."

Maandishi kwenye kioo: hakuna. Jicho lifuate kitana.

Onyesho la tatu: sekunde 7 hadi 16

Picha: Simu iwe karibu kiasi kwamba vidole viwili na kipande kimoja cha kichwa vinajaza kioo kizima. Msusi anakigawa kipande hicho mara tatu na kuanza kusuka kwa nywele za mteja peke yake. Baada ya misuko michache anaingiza uzi mwembamba wa nywele bandia chini ya fungu mojawapo, anasuka, anaongeza mwingine, na rasta inanenepa kadiri inavyoshuka. Vidole viende kwa mwendo wao wa kawaida wa kazi, na sehemu hii isiharakishwe wala isipunguzwe mwendo wakati wa kuhariri.

Sauti ya msimulizi: "Rasta hii haina fundo. Inaanza kwa nywele zake, kisha nyongeza inaingizwa kidogo kidogo, ili shina lisivutwe."

Msimulizi ananyamaza, na zinasikika sauti halisi za kitini, muziki ukiwa umeshushwa.

Msusi: "Panauma hapa, dada?"

Mteja: "Hapana mdogo wangu, pako sawa."

Maandishi kwenye kioo, yakianza sekunde ya 11 na kukaa hadi mwisho wa onyesho: *Nyongeza huingia chini ya shina*

Mazungumzo haya yarekodiwe pale msusi anapouliza kwa kweli, wala yasiigizwe baadaye. Msusi wetu huuliza swali hilo hasa anapofika kwenye nywele za mbele na za pembeni mwa uso, ambazo ni laini na hung'oka upesi kuliko nyingine. Rasta inayovuta huonyesha dalili zake mapema: maumivu, vipele vidogo kwenye mashina, ngozi iliyokazwa hadi kukunja uso kunakuwa kazi. Mvuto huo ukirudiwa kila anaposuka, nywele za mbele hurudi nyuma, na ukiendelea kwa muda mrefu mashina hufa na nywele hazioti tena. Hatuna nafasi ya kuyasema hayo yote ndani ya video, lakini swali la msusi na jibu la mteja vinayabeba, na ndiyo maana sekunde hizi tisa hazipunguzwi hata kama onyesho jingine litabanwa.

Jambo moja la kuangaliwa wakati wa kurekodi: ngozi kwenye shina ibaki tambarare. Ikionekana imeinuka kama hema dogo, rasta hiyo ifumuliwe na isukwe upya, kwanza kwa ajili ya mteja na pili kwa ajili ya picha.

Onyesho la nne: sekunde 16 hadi 23

Picha: Simu imerudi kwenye stendi, nyuma ya kiti na juu kidogo, na haitaguswa hadi kazi iishe. Inapiga picha moja kila dakika. Kwa kazi ya saa tano tutapata picha 300, na sekunde saba zinahitaji 210, hivyo mhariri ataondoa zile ambazo msusi ameziba kichwa kwa mwili wake na zile za mapumziko. Rasta zinaongezeka kutoka shingoni kupanda utosini, safu juu ya safu, na mwanga wa dirishani unahama. Mhama huo wa mwanga ubaki, kwani ndio ushahidi kwamba muda umepita.

Sauti ya msimulizi: "Kazi ya saa tano inapita hapa kwa sekunde saba."

Baada ya maneno hayo ngoma inapanda na kutawala hadi mwisho wa onyesho. Kila safu inapokamilika ikutane na pigo la ngoma kadiri inavyowezekana.

Maandishi kwenye kioo: saa ndogo inayohesabu kutoka *Saa 0* hadi *Saa 5*, ikiwa katikati ya upana wa picha. Sehemu ya chini na ukingo wa kulia viachwe wazi katika video nzima, kwa sababu vitufe na maelezo ya programu hufunika hapo.

Onyesho la tano: sekunde 23 hadi 26

Picha: Mteja ameegemea nyuma, taulo imefunika mabega na mgongo. Ncha za fungu moja la rasta zinachovywa kwenye chombo cha maji ya moto kilichowekwa nyuma ya kiti, mbali na ngozi, na mvuke unaonekana ukipanda. Zinatolewa na kukamuliwa kwa taulo ya pili. Chombo kishikwe na mtu mwingine asiyeonekana, ili msusi awe na mikono yote miwili.

Sauti ya msimulizi: "Ncha zinafungwa kwa maji ya moto."

Maandishi kwenye kioo: hakuna.

Onyesho la sita: sekunde 26 hadi 30

Picha: Kiti na simu viko kwenye alama zilezile za sakafuni. Mteja anageuza kichwa kuelekea kushoto kama alivyofanya mwanzoni, na rasta zinafuata mgeuko huo, zikiwa zimekauka kabisa. Katika sekunde ya mwisho anasimama ili urefu hadi kiunoni uonekane, na anatabasamu ikiwa ametaka mwenyewe. Kichungi cha kulainisha ngozi kisitumike, maana hufuta pia njia za kichwani, na pamoja nazo nusu ya kazi tuliyoifanya.

Sauti ya msimulizi: "Kichwa ni kilekile, na nywele zake zipo salama ndani ya rasta."

Maandishi kwenye kioo: *Baada*, kisha *Tuandikie ujumbe kuweka nafasi*

Sauti na uhariri

Msimulizi awe msusi mwenyewe, akisoma kwa utulivu baada ya kazi, mdomo ukiwa karibu na simu katika chumba kisicho na mwangwi. Watazamaji wengi watafungua video sauti ikiwa imezimwa, kwa hiyo maneno yote ya msimulizi pamoja na mazungumzo ya kitini yaandikwe pia kama manukuu, kwa herufi nyeupe zenye kivuli cheusi, mistari isiyozidi miwili kwa wakati mmoja. Maandishi ya onyesho yakae juu na manukuu yakae katikati, yasigongane. Mikato kati ya maonyesho iwe ya moja kwa moja, bila mbwembwe za kuzungusha au kumulika.

Maelezo yatakayowekwa chini ya video

Rasta zisizo na fundo, unene wa wastani, urefu hadi kiunoni. Kazi huchukua takribani saa tano, hivyo panga siku yako mapema. Njoo ukiwa umeosha nywele na zimekauka, au tuambie unapoweka nafasi ili tukuoshee hapahapa. Zikae wiki sita hadi nane, funika kichwa kwa kitambaa laini wakati wa kulala, na ukihisi sehemu yoyote inavuta, usisubiri izoee: rudi siku hiyohiyo tuilegeze.