Karatasi ya 4: Kutafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza

Darasa la jioni la waongozaji na wapagazi, Moshi

Masika yameanza, wageni wamepungua mlimani, kwa hiyo hakuna kisingizio. Sentensi nyingi hapa nimezisikia kwenu. Someni maelezo kwanza, ndipo muandike. Nilipotaka muone mpangilio wa Kiingereza, nimeupanga kwa maneno ya Kiswahili. Utawachekesha. Mgeni naye huchekeshwa hivyohivyo na mpangilio wetu.

1. Mgeni amelala. Mpishi amesimama mlangoni. Mpishi amepika mtori. Amevaa koti la mwenzake. Wapagazi wamefika Horombo.

Hapa ndipo karatasi ya 3 iliwaangusha karibu wote. Mliandika kwamba mgeni alilala, yakaisha. Mwenye kusoma anadhani sasa yuko macho. Kiambishi -me- kina kazi mbili: kusema tendo limekamilika, na kusema hali iliyobaki baada ya tendo. Kiingereza huzitenga. Hali huenda kwenye wakati uliopo, tendo lililokamilika huenda kwenye wakati uliopo timilifu. Utajuaje? Tanguliza neno "bado". "Bado amelala" inakubali, "bado amesimama" inakubali: hiyo ni hali. "Bado amefika" haikai mdomoni: hilo ni tendo. Pitisheni sentensi zote tano kwenye kipimo hicho kabla ya kushika kalamu.

Kwenye sentensi ya nne kuna mtego mwingine. Aliyevaa koti ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakikuambii, Kiingereza hakitakuruhusu kunyamaza. Mpishi wetu ni mwanamke. Endeleeni.

2. Mahema haya mawili makubwa ya kijani ni ya nani?

Wengi huogopa mpangilio wa sifa bila sababu. Kiingereza kinasema: haya mawili makubwa ya kijani mahema. Tazameni vizuri, kilichohama ni nomino peke yake, imetoka kichwani ikaenda mkiani.

3. Mkoba wa rafiki wa mwongozaji umelowa.

Mwenye mali hutangulia mali yake: mwongozaji, kisha rafiki, kisha mkoba. Msisahau alama ya umiliki kwa mwongozaji na kwa rafiki pia.

4. Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895.

Hapa "kina" na "urefu wa" vyote vinaondoka. Kilele ni 5,895 mita kirefu.

5. Kibo kumeanguka theluji. Mlimani kuna baridi. Mpagazi amevunjika mguu.

Kwetu mahali panaweza kuwa kiima, ndiyo maana tunasema "kumeanguka". Kiingereza hakikubali. Kwenye baridi kitaweka kijineno kitupu kisichomtaja mtu wala kitu, mradi nafasi ya kiima ijazwe. Theluji inaweza kuwa kiima yenyewe. Na huyo mpagazi, Kiingereza kitamtaja kana kwamba mguu kauvunja mwenyewe. Ni uonevu, lakini ndivyo wanavyosema.

6. Tunaondoka Kibo saa sita usiku.

Tofauti ni saa sita, mnaijua. Naiweka kwa sababu ulimi husahau ukichoka. Ukimtajia mgeni sita, atatoka kitandani jua likichomoza, wenzake wako karibu na kilele.

7. Pole na safari. Pole na kazi. Shikamoo, mzee.

"Pole" si "sori". Mgeni akijikwaa ukamwambia sori, anaweza kukujibu kwamba si kosa lako, nanyi wote mkabaki mmeduwaa. Akijikwaa, muulize kama yuko salama. Kwa "pole na safari", muulize safari ilikuwaje. Kwa "pole na kazi" sijawahi kupata neno la Kiingereza linalotosha. Atakayeleta zuri nitamnunulia soda. Shikamoo iacheni, tumieni salamu ya wakati wa siku na sauti ya heshima.

8. Mwongozaji wetu amekula chumvi nyingi. Mdogo wake amepata jiko mwezi uliopita.

Tafsirini maana, si chumvi. Mwaka jana mmoja wenu alimweleza mgeni habari ya jiko neno kwa neno, mgeni akauliza ni la gesi au la mkaa.

9. Kifungu cha kutafsiri nyumbani:

"Jana saa moja asubuhi tulitoka Mandara. Njiani tukamkuta mama mmoja wa miaka 60 kutoka Kanada. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevaa kofia ya sufu. Mpishi wetu akamwambia, 'Pole, mama.' Akajibu kwamba hajachoka, anaitazama Mawenzi tu. Tukakaa naye kidogo, tukanywa chai."

Kila -ka- ni wakati uliopita, msirundike viunganishi. "Alikuwa amekaa" kipitisheni kwenye kipimo cha "bado". Katika jibu la yule mama, Kiingereza hurudisha nyuma wakati wa maneno yaliyoripotiwa, na hapo ndipo nitakapoanza kusahihisha Alhamisi. Njooni na kalamu nyekundu.