Yah: Uthibitisho wa Chumba Ulichoweka, Namba KG-0638, Kigoma

Mpendwa Mgeni wetu,

Tunakushukuru kwa kuchagua kufikia kwetu. Barua pepe hii ina maelezo yote ya ile ya Kiingereza uliyopokea jana, hivyo huna haja ya kuirudia ile.

Chumba chako kimethibitishwa kwa usiku wa kuamkia Jumamosi na wa kuamkia Jumapili, yaani utaingia Ijumaa tarehe 12 Juni 2026 na kuondoka Jumapili tarehe 14 Juni 2026. Ni chumba cha watu wawili, chenye vitanda viwili vilivyotengana, kila kimoja na chandarua chake, na choo na bafu ndani. Kwa kuwa ulitueleza kwamba unasafiri na mama yako mzazi na kwamba ngazi zinamsumbua, tumewawekea chumba cha chini, karibu na mapokezi.

Vyumba huanza kutolewa saa 8 mchana, ambayo kwenye barua ya Kiingereza imeandikwa 14:00, na siku ya kuondoka chumba kiwe kimeachwa kabla ya saa 4 asubuhi. Mkifika mapema mnaweza kuacha mizigo mapokezi bila malipo. Kama mnakuja kwa treni nayo ikachelewa, msiwe na wasiwasi, kwani mlinzi na mhudumu wa zamu wapo usiku kucha. Tunachoomba ni taarifa tu, kwa sababu mgeni asiyefika wala kutuarifu hadi saa 6 usiku, chumba chake hupewa mwingine.

Gharama ni shilingi 85,000 kwa usiku mmoja, kwa chumba na si kwa kila mtu, na jumla ni shilingi 170,000, kodi na kifungua kinywa vikiwemo. Tumepokea malipo yako ya awali ya shilingi 51,000. Zilizobaki, shilingi 119,000, utalipa siku ya kufika, kwa fedha taslimu au kwa simu. Chakula cha mchana na cha jioni hulipiwa pembeni, na mgebuka wa kuchoma ni vema kuuagiza mapema.

Ukighairi safari, tuarifu kabla ya saa 6 mchana, Jumatano tarehe 10 Juni, nasi tutakurudishia malipo ya awali yote. Baada ya hapo hayarudishwi, hata kama sababu ni ya msingi, ila tunaweza kukusogezea tarehe mara moja.

Kila mmoja wenu aje na kitambulisho halisi, si picha ya kwenye simu: cha taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti.

Mkipanga kwenda Gombe, ambako hufikiwa kwa boti tu, mwambieni mhudumu jioni ya kabla ya safari ili mfungashiwe kifungua kinywa.

Kwa swali lolote, jibu barua pepe hii kwa Kiswahili ukitaja namba KG-0638.

Wako katika huduma,
Msimamizi wa Mapokezi
Kigoma