Anaishi Wapi? Anakula Nini? Somo la Kupanga Wanyama, Darasa la Tatu

Habari za asubuhi, wanafunzi. Leo tunasoma kuhusu wanyama, na tutaanza na wale mnaowajua. Hapa Bahi hakuna mtoto asiyejua mbuzi. Wengi wenu mnawapeleka malishoni mkitoka shule. Mnawajua kunguru, panya, mijusi ya ukutani, na wale ndege wadogo wanaoshambulia mtama mpaka tunalazimika kushinda shambani tukiwafukuza.

Wanyama ni wengi mno kuwasoma mmoja mmoja. Kwa hiyo tunawapanga katika makundi. Ili kuwapanga, tunauliza maswali mawili:

Anaishi wapi?
Anakula nini?

Maswali haya ni mawili, na kila moja lina jibu lake. Usikimbilie kudhani kwamba wanyama wanaoishi mahali pamoja wanakula chakula kimoja. Tutaliona hilo kwa kiboko na mamba.

Swali la kwanza: anaishi wapi?

Mahali mnyama anapoishi panaitwa makazi yake. Hapo ndipo anapopata chakula, maji, mahali pa kujificha na mahali pa kuzaa.

Wanyama wengine wanaishi na watu. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wanalala zizini. Kuku analala bandani. Hawa ni wanyama wa kufugwa.

Wengine wanaishi porini, kwenye nchi kavu. Twiga anaishi penye migunga. Nyani analala juu ya miti au kwenye majabali. Pimbi, yule mnyama mdogo wa kahawia anayefanana na sungura mwenye masikio mafupi, anaishi katikati ya mawe. Milima ya mawe ya Dodoma inamfaa sana, kwa sababu akimwona tai anaingia upesi katika ufa wa jiwe. Mhanga anachimba shimo refu ardhini na kulala humo mchana kutwa. Ndiyo maana watu wengi wameona mashimo yake lakini yeye mwenyewe hawajamwona.

Wengine wanaishi majini wakati wote. Perege na kambare ni samaki. Wavuvi wanawavua katika bwawa la Mtera, na kambare wanapatikana hata katika mbuga yetu ya Bahi mvua ikijaa.

Wengine wanatumia maji na nchi kavu. Chura anaanza maisha majini akiwa kiluwiluwi mwenye mkia. Akikua anaota miguu, mkia unapotea, na anatoka nchi kavu. Mmewahi kujiuliza vyura wanakwenda wapi kiangazi, madimbwi yote yakikauka? Baadhi yao hujifukia ardhini na kukaa kimya humo kwa miezi mingi. Mvua za kwanza zikinyesha, wanatoka, na usiku huo hatulali kwa kelele zao.

Je, ndege anaishi angani? Hapana. Angani anapita tu. Ndege anapumzika mtini, anajenga kiota, anataga mayai na kulea makinda. Kwa hiyo tukiulizwa makazi ya ndege, tunataja mahali kilipo kiota chake au anapolala.

Swali la pili: anakula nini?

Hapa tuna makundi matatu.

*Wala mimea* wanakula majani, nyasi, mbegu, matunda, mizizi au magome. Ng'ombe, mbuzi, twiga, pimbi na tembo wako hapa. Tembo mmoja mkubwa anaweza kula zaidi ya kilo 100 za mimea kwa siku moja. Anakula hata gome la mbuyu!

*Wala nyama* wanakula wanyama wengine. Simba, chui, fisi, mamba na paka wako hapa.

*Wala vyote* wanakula mimea na pia wanyama. Kuku ni mfano mzuri. Mtazame akiparua uani: anadonoa punje ya mtama, anadonoa jani, kisha anamkimbilia panzi. Nguruwe naye hachagui. Na sisi watu? Jana wengine mlikula ugali kwa mlenda, wengine ugali kwa samaki. Sisi pia ni wala vyote.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Wadudu ni wanyama. Mchwa ni mnyama. Panzi ni mnyama. Kwa hiyo mnyama anayekula wadudu tunamweka kwa wala nyama, hata kama hajawahi kuonja nyama ya mbuzi. Chura anakula wadudu. Kinyonga anakula wadudu. Mhanga anabomoa kichuguu kwa kucha zake zenye nguvu, anaingiza ulimi mrefu unaonata, na kulamba mchwa na siafu. Wote hawa ni wala nyama.

Mwili unatuambia

Hata kama hujamwona mnyama akila, mwili wake unaweza kukusaidia kujua chakula chake.

Mwombe mkubwa nyumbani amshike mbuzi mpole na kumfungua midomo taratibu. Mbele, taya la chini lina meno, lakini taya la juu halina. Lina ufizi mgumu tu. Mbuzi anabana majani kati ya meno ya chini na ufizi huo, anayavuta na kuyakata. Nyuma, juu na chini, ana magego mapana ya kusaga. Jioni akilala zizini, taya bado linacheza. Anacheua: anarudisha chakula kinywani na kukitafuna tena, kwa sababu majani ni magumu kusagika.

Sasa mtazame paka anapopiga miayo. Utaona meno manne marefu yaliyochongoka, mawili juu na mawili chini. Hayo ni ya kushikia panya. Usimfungue paka mdomo kwa mikono, atakuuma.

Ndege hawana meno, kwa hiyo tunatazama mdomo. Mdomo wa tai umepinda kama ndoano na ni mkali, wa kuchania nyama. Mdomo wa kwelea kwelea ni mfupi na mnene, wa kuvunjia mbegu. Ndiyo maana anapenda sana uwele na mtama wetu.

Kiboko na mamba

Nenda Mtera mchana. Utaona kiboko majini, macho na pua tu juu. Utaona mamba naye majini, macho na pua tu juu. Wote wawili wanatumia maji na nchi kavu. Katika swali la kwanza wako kundi moja.

Lakini jua likizama, kiboko anatoka majini na kutembea kwenda kula nyasi usiku. Mamba anangoja samaki, au mnyama anayekuja kunywa maji. Katika swali la pili wametengana: kiboko ni mla mimea, mamba ni mla nyama. Kiboko hali watu, lakini ni mkali na anaweza kuua. Msikaribie maji wanapokuwepo.

---

KARATASI YA KAZI

Fanyeni wawiliwawili. Andikeni kila jina kwenye kipande kidogo cha karatasi, au kwenye boksi lililokatwa. Mtapata kadi 16.

mbuzi, fisi, perege, kwelea kwelea, nguruwe, kiboko, mamba, pimbi, chura, paka, kuku, mhanga, twiga, nyani, kambare, kobe

Kazi ya 1. Chora duara nne kubwa kwenye mchanga nje ya darasa. Ziite: *Nyumbani kwa watu*, *Porini*, *Majini tu*, *Majini na nchi kavu*. Weka kila kadi katika duara lake. Kobe wetu hapa ni yule wa nchi kavu mwenye gamba la mviringo.

Kazi ya 2. Kusanya kadi zote. Futa duara, chora tatu mpya: *Wala mimea*, *Wala nyama*, *Wala vyote*. Panga kadi upya. Kadi zipi zilikuwa pamoja mwanzo na sasa zimetengana? Andika jozi tatu kwenye daftari.

Kazi ya 3. Chora jedwali lenye safu nne za makazi na nguzo tatu za chakula. Utapata vyumba 12. Andika kila mnyama katika chumba chake. Kwa mfano, mbuzi ataingia chumba cha "Nyumbani kwa watu" na "Wala mimea". Ukimaliza, vyumba viwili vitabaki vitupu. Ni vipi? Je, unamjua mnyama wa kuingia humo?

Kazi ya 4. Mimi ni nani?
a) Ninaishi kwenye mawe, ninakula majani, tai ni adui yangu.
b) Nilipokuwa mdogo nilikuwa na mkia na niliishi majini. Sasa ninakula wadudu.
c) Tunaruka maelfu kwa maelfu. Wakulima wa mtama hawatupendi.
d) Ninachimba usiku, ninakula mchwa, mchana simo machoni pa watu.

Kazi ya 5, ya nyumbani. Chagua mnyama mmoja unayeweza kumwona kwa usalama. Mtazame anapokula leo jioni. Chora mdomo wake, kisha andika sentensi mbili: amekula nini, na amekilaje.

---

MAJIBU, KWA MWALIMU NA MZAZI

Kazi ya 1. Nyumbani: mbuzi, nguruwe, paka, kuku. Porini: fisi, kwelea kwelea, pimbi, mhanga, twiga, nyani, kobe. Majini tu: perege, kambare. Majini na nchi kavu: kiboko, mamba, chura.

Kazi ya 2. Wala mimea: mbuzi, perege, kwelea kwelea, kiboko, pimbi, twiga, kobe. Wala nyama: fisi, mamba, chura, paka, mhanga. Wala vyote: nguruwe, kuku, nyani, kambare. Jozi ni nyingi, kama kiboko na mamba, mbuzi na paka, perege na kambare.

Kazi ya 3. Vitupu ni "Majini tu, wala nyama" na "Majini na nchi kavu, wala vyote". Cha kwanza anaweza kuingia papa wa baharini. Cha pili anaweza kuingia kaa wa mtoni.

Kazi ya 4. a) pimbi, b) chura, c) kwelea kwelea, d) mhanga.

Watoto watabishana, na ubishi huo ni sehemu ya somo. Mtoto akisema perege humeza pia wadudu wa majini, au kwelea kwelea hulisha makinda wadudu, yuko sahihi. Tumewapanga kwa chakula kikubwa wanachokula siku nyingi. Mwingine ataleta mbwa, ambaye sikumweka makusudi: anapenda nyama, lakini hapa kwetu anashiba ugali. Usimpe mtoto jibu upesi. Muulize, "Umemwona akila nini?" Akitoa sababu inayotokana na alichokiona, mpe alama yake hata kama kadi yake iko duara tofauti na ya jirani.

Kazi ya 5 isifanyike karibu na maji yenye mamba wala kwenye mawe yenye nyoka. Kuku wa uani anatosha kabisa.