Hotuba ya mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa katika mkutano wa kwanza wa mzunguko, Ifakara, Jumamosi tarehe 10 Januari 2026

Wanakikundi, hoyee! Hoyee tena, maana hiyo ya kwanza ilikuwa ya watu ambao hawajala mchana.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na nyie wa Bwana asifiwe, nimewaona, Bwana asifiwe. Karibuni kwenye mkutano wetu wa kwanza wa mzunguko mpya. Tupo 25, kila kiti kina mtu wake, na babu yetu wa kule juu amewahi kuliko sisi wote ingawa ndiye anatoka mbali. Naomba tumpigie makofi.

Leo sisomi taarifa ya mwaka jana, katibu alishaisoma siku ya mgao. Nitakumbusha namba mbili tu kwa sababu zinaingia kwenye ninayotaka kusema. Tulinunua hisa 3,940 kwa shilingi 2,000 kila moja. Tulipovunja sanduku, kila hisa ililipwa shilingi 2,400. Hiyo 400 ya juu haikutoka kwa mfadhili. Ni riba tuliyolipana wenyewe na faini za wachelewaji, ambao siwataji, wanajijua.

Faida ilikuwa nzuri. Kilichotuumiza ni tarehe. Tuligawana Jumamosi ya tarehe 27 Desemba, Krismasi imeshapita na madeni yake, kwa sababu mikopo minne ilikuwa bado nje na tukawa tunasubiriana. Hela ikafika mkononi mtu ameshakopa dukani mchele, mafuta na nguo za watoto. Mwenzetu mmoja alipokea laki tatu na nusu, akapita dukani kulipa deni, akafika nyumbani na elfu sitini. Januari hii mtoto wake amekwenda shule na sare ya mwaka jana. Mimi mwenyewe sikusalimika, kwa hiyo simcheki mtu.

Ndiyo maana kalenda ya mwaka huu kamati tumeianzia mkiani. Tumeuliza kwanza: hela itoke lini? Tumesema itoke Jumamosi tarehe 12 Desemba. Sikukuu haijafika, na maduka ya sare hayajapandisha bei. Halafu tukarudi nyuma, wiki kwa wiki, mpaka leo.

Tunakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, hapa hapa chini ya mwembe, na mvua ikinyesha tunaingia kwenye banda la mashine. Siku za kununua hisa ni 46. Ya kwanza ni leo, ya mwisho ni tarehe 28 Novemba. Tarehe 5 Desemba hatununui hisa, tunasoma vitabu vyote kwa sauti na kumaliza viporo vya mikopo. Tarehe 12 tunavunja sanduku.

Kuna Jumamosi tatu zina mambo yake. Idd-el-Fitri inaweza kuangukia Ijumaa tarehe 20 Machi au Jumamosi tarehe 21, mwezi ndio utakaoamua, kwa hiyo mkutano wa wiki hiyo tumeuweka Jumapili tarehe 22 tusihangaike na mwezi. Tarehe 4 Aprili ni Jumamosi Kuu, hatukutani kabisa, wenzetu wengi watakuwa kwenye mkesha wa Pasaka. Na Nane Nane mwaka huu imeangukia Jumamosi. Wapo wanaokwenda maonyesho Morogoro, tutakutana kesho yake, Jumapili tarehe 9 Agosti. Zaidi ya hapo hakuna kuahirisha. Ndani ya Ramadhani, kuanzia tarehe 21 Februari mpaka 14 Machi, tunaanza saa nane kamili ili wanaofunga wawahi kuandaa futari. Mwaka jana tulisema hivyo hivyo halafu tukaanza saa tisa na nusu. Safari hii faini ya kuchelewa, shilingi 500, inaanzia saa nane na dakika kumi, na mwenyekiti hana msamaha.

Sasa hisa. Bei ni 2,000, unanunua kuanzia moja mpaka tano kwa mkutano, na shilingi 500 ya mfuko wa jamii kila mtu, kila Jumamosi. Ukinunua moja moja mwaka mzima utakuwa umeweka 92,000. Ukiweza tano tano, 460,000. Mfuko wa jamii kwa wote 25 utafika 575,000, na huo, narudia, haukopeshwi wala haugawanywi kwa hisa. Ni wa msiba na ugonjwa.

Najua kuna hoja iliyokuwa ikizunguka. Dada yangu wa genge aliileta kwa kamati, na nampongeza kwa kuileta mbele badala ya kuisema kisimani. Alisema: Januari mpaka Aprili tupo kwenye palizi, hela hakuna, kwa nini hisa isiwe 1,000 miezi hiyo, halafu Juni tukishavuna tuipandishe iwe 5,000? Ina huruma hoja hii, na kamati ilikaa nayo jioni mbili. Tatizo lipo kwenye muhuri. Kitabu chako hakiandiki shilingi, kinapigwa muhuri, na siku ya mgao tunahesabu mihuri. Mama akinunua muhuri wa 1,000 mwezi wa pili, na kaka akanunua muhuri wa 5,000 mwezi wa saba, Desemba mihuri hiyo inafanana kama mapacha. Utamlipaje mmoja zaidi ya mwenzake? Itabidi tuwe na vitabu viwili na mhasibu wa kulipwa. Kwa hiyo bei haiguswi mpaka sanduku livunjwe. Kinachobadilika ni idadi. Wakati wa palizi nunua moja, hakuna atakayekucheka. Mpunga ukiingia ndani, nunua tano. Kalenda imepigiwa hesabu hivyo: tunategemea sanduku liwe jepesi mpaka Mei, na lijae kuanzia Juni mpaka Agosti. Na wale wa biashara ndogo, vitumbua, mkaa, bodaboda, ambao hela yenu haifuati mvua, nyie ndio mnatubeba miezi ya mwanzo. Tunalijua hilo.

Wapo watakaohamia mashambani kuanzia wiki ijayo, na Aprili Lumemo ukijaa kuna wenzetu hawavuki. Ukiwa dunguni unalinda mpunga, toa taarifa kwa katibu kabla ya mkutano, hutozwi faini ya utoro ya 1,000. Hela ya hisa mpe mwanakikundi mwenzako aje nayo hapa, ihesabiwe mbele ya watu, kitabu chako kipigwe muhuri mbele ya watu. Lakini msinitumie mimi kwenye simu! Mwaka jana nilipokea miamala saba, na mmoja nikausahau kwa wiki mbili. Nilirudisha, lakini kwa wiki mbili kuna mtu alikuwa ananiangalia jicho la pembeni, na alikuwa na haki. Simu yangu si sanduku. Sanduku lina kufuli tatu na washika funguo watatu wasiolala nyumba moja, simu yangu ina mimi peke yangu.

Na kwa washika funguo: ukipata dharura, ufunguo mpe mtu wa nyumbani kwako aulete. Usimpe mweka hazina, usinipe mimi, usimpe mshika funguo mwenzako. Ufunguo usipofika, hatuvunji kufuli, tunarudi nyumbani na hela zetu, na faini ya wote mnaijua ni ya nani.

Mikopo inatolewa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na marejesho yanapokelewa siku hiyo hiyo, kwanza marejesho ndipo mikopo. Ya kwanza ni tarehe 31 Januari. Siku hiyo tutakuwa na mikutano minne tu nyuma yetu, kwa hiyo msije na maombi ya bati. Kiwango ni mara tatu ya akiba yako, riba asilimia 5 kwa mwezi, muda usiozidi miezi mitatu. Ukichukua 200,000 ni riba ya 10,000 kila mwezi, miezi mitatu 30,000.

Mahali pa kusikiliza vizuri ni hapa. Mkopo wa miezi mitatu, mara ya mwisho ni tarehe 29 Agosti, unaisha tarehe 28 Novemba. Atakayekopa tarehe 26 Septemba anapewa miezi miwili. Atakayekopa tarehe 31 Oktoba anapewa wiki nne tu. Novemba hakuna mkopo hata kwa machozi. Atakayefika tarehe 5 Desemba na deni, linakatwa kwenye hisa zake siku ya mgao, na wengine hawamsubiri. Hili la kutosubiriana ndilo jipya kuliko yote, na tulilipigia kura.

Baba wa mashine ameniuliza: na trekta? Ni kweli, kulima kunaanza Novemba na Desemba, na mgao wa tarehe 12 unawachelewa wanaolima mapema. Sitawadanganya kwamba kalenda hii inamtosha kila mtu. Kamati ilichagua shule. Mwenye shamba kubwa achukue mkopo wa Agosti, au aache magunia kadhaa ndani asiyauze Juni wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Hata mkopo wa tarehe 27 Juni tumeufikiria kwa ajili hiyo: ulipe wavunaji na usafiri kwa hela ya sanduku, mpunga wako upumzike ghalani mpaka Septemba. Piga hesabu yako kwanza. Kama unaona bei haitapanda kushinda ile riba, uza, usinilaumu.

Tarehe 4 Julai ni nusu mwaka. Siku hiyo tunahesabu kila kitu, vitabu vyote 25 vinasomwa, na tutamwalika afisa maendeleo ya jamii wa kata aje ashuhudie. Sisi tuko daraja la nne kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, cheti chetu kipo ndani ya sanduku, na kikundi kilichosajiliwa kinapaswa kuonyesha hesabu bila kutetemeka. Kuanzia Julai, hela ikizidi milioni mbili baada ya mikopo, Jumatatu inakwenda benki na watu watatu. Halali nyumbani kwa mtu.

Kalenda yenyewe katibu ameiandika kwenye manila, itabandikwa bandani, na kila mmoja atapewa nakala ndogo ya kuweka kwenye mlango wa kabati. Wasiopenda kusoma, watoto wawasomee.

Kuna swali? ... Ndiyo mama. Hapana, mjukuu hawezi kununua kwa jina lako mara ya pili, mwanachama mmoja kitabu kimoja. Kuna jingine? Basi. Wahesabu fedha, wekeni beseni katikati. Washika funguo, njooni mbele, tuanze na namba moja.