Tathmini yangu binafsi ya mwaka: Hisabati, darasa la 5

Mwalimu Mkuu, hii ndo tathmini yangu. Mwaka huu nimefundisha Hisabati mikondo yote miwili ya darasa la 5, wanafunzi 91. Nimepitia viwango vyote tulivopewa ila sijaviandikia kwa urefu sawa, nimekaa zaidi pale nilipobadilika na pale nilipofeli.

Umahiri wa somo na ufundishaji. Mada ya sehemu niliifundisha vibaya mwanzoni. Niliwapa kanuni ya kutafuta KDS, wakafanya mazoezi, daftari zikajaa vema, nikaamini wameelewa. Wiki mbili baadae nikawapa jaribio lenye 1/2 + 1/3 na kwenye mkondo wa kwanza wenye wanafunzi 46, watoto 19 waliandika 2/5, yaani wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka kwamba 2/5 ni ndogo kuliko hiyo nusu aliyoanza nayo. Hapo nikajua niliwapa njia bila maana. Nikarudi nyuma vipindi vinne, tukakunja karatasi, tukachora mstari wa namba, na kabla ya kukokotoa chochote kila mtu anasema kwanza jibu litazidi nusu au halitafika. Jaribio la pili wenye kosa lile walibaki 6. Majaribio yote mawili nimeyaambatisha. Hao 6 bado naumia nao, watatu kati yao jedwali la kuzidisha halijakaa kichwani kwa hiyo KDS kwao ni mlima, na mimi niliendelea na mada nyingine kwa kuogopa kuachwa na mtaala.

Upimaji. Tokea pale natumia vikaratasi, swali moja dakika tano za mwisho, nikitoka navitenga mafungu matatu: ameelewa, anakaribia, bado. Somo la kesho linaanza na fungu la tatu. Kwenye malengo niliahidi kila siku, ukweli nimefanya kama mara mbili kwa wiki.

Kumfikia kila mwanafunzi. Hapa niseme wazi. Kuna mtoto wa kiume alikaa nyuma tangu mwaka uanze, nilimkaripia mara mbili kwa kunakili kwa jirani yake, kumbe haoni ubaoni. Aliyegundua ni mwalimu mwenzangu alipokuja kuangalia kipindi, akamwona anakunja macho halafu anageukia daftari la mwenzie. Nilimhamishia mbele siku hiyohiyo, nikaongea na mzazi, akapimwa, sasa ana miwani. Nilimwomba msamaha yule mtoto. Miezi minne alikuwa mbele yangu na mimi nikamwita mvivu, hilo ni kosa langu. Muhula unaokuja wiki ya kwanza kila mtu atasoma mstari mmoja ubaoni akiwa palepale anapokaa.

Mwalimu huyohuyo alinihesabia maswali: niliuliza 32, na 21 yalienda kwa watoto walewale saba wanaonyoosha mkono haraka. Na nilikuwa sisubiri, nauliza kisha najijibu. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alishaonesha toka miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu, na wakifikisha tatu watoto wanajibu kwa urefu zaidi. Sasa nina kopo la vijiti vya majina na nahesabu moja mbili tatu kimoyomoyo kabla sijachomoa kijiti. Ukimya ule bado unanisumbua, kuna siku nashindwa naropoka jibu.

Kusahihisha ndo udhaifu wangu mkubwa. Niliahidi kurudisha kazi ndani ya siku 3, wastani wangu ni kama 8, na jaribio la katikati ya muhula wa pili lilirudi tukiwa tumeshaanza mada nyingine, mtoto anaona mikwaju ya kalamu nyekundu kwenye kitu alichokwisha kukisahau, haimsaidii. Sababu ni mimi, natoa maswali 15 kwa watoto 91. Nimeshaanza kutoa 5 yaliyochaguliwa vizuri na mawili tunasahihisha pamoja darasani.

Nidhamu na mahudhurio sina tatizo, sikukosa kipindi bila taarifa. Andalio la somo ninalo kila siku, ila azimio la kazi lipo nyuma wiki mbili kwa sababu ya vile vipindi vinne, na sijutii.

Wazazi nimekutana nao kwenye vikao tu, isipokuwa yule mmoja. Ni kidogo mno.

Ninachoomba ni viwili: kipindi kimoja kwa wiki cha kupanga masomo pamoja na mwalimu wa darasa la 4, maana jedwali la kuzidisha linaanzia kwake, na yule mwenzangu aruhusiwe kuja kunihesabia tena maswali kabla muhula ujao haujafika katikati, safari hii kwenye mkondo wa pili ambao hajauona.