Aya Isiyokuwamo

Kikao cha jumuiya pale Mikanjuni kilimalizwa na kauli ya mzee Kilango: "Hata Biblia inasema, jisaidie nami nikusaidie." Mama Salome, aliyekuwa ameomba mchango wa kuezeka nyumba yake iliyoezuliwa na upepo, akashukuru, akajifunga kanga, akaondoka.

Kesho yake Neema alipotoka shule alikwenda moja kwa moja Maktaba ya Mkoa, mjini Tanga. Watu huishiwa, hilo alilielewa. Lakini kumfukuza mjane kwa jina la Mungu, bila hata mmoja kuuliza ni kitabu gani, sura ya ngapi!

Alianza na Itifaki ya Biblia, kitabu kinachoonyesha kila neno limo katika aya zipi. Akafuata "saidia" mstari kwa mstari, kisha "msaada". Zaburi ya 121 ikamjibu: "Msaada wangu u katika Bwana, aliyezifanya mbingu na nchi." Akapekua Mithali nzima, maana methali nyingi hukaa humo. Haikuwamo.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini hata jasho linakutoka?"

Neema akamweleza. Mkutubi akatikisa kichwa. "Hata kwetu wapo wanaosema imo kwenye Kurani. Wanachanganya na Sura Ar-Raad, aya ya 11: Mwenyezi Mungu habadilishi yaliyoko kwa watu mpaka wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Hayo ni mengine. Hebu njoo huku."

Akateremsha kamusi nene ya nukuu za Kiingereza. Benjamin Franklin aliichapa methali hiyo katika almanaki yake ya 1736. Kabla yake, Mwingereza Algernon Sidney aliiandika katika kitabu kilichotoka 1698, miaka 15 baada ya yeye kukatwa kichwa. Na kabla yao wote kulikuwa na ngano ya Kiyunani, ya zile za Esopo: gari la ng'ombe limekwama matopeni, mwenyewe amesimama tu anamlilia mungu wake Herakle, naye Herakle anamwambia atie bega kwenye gurudumu kwanza.

Hapo Neema alikaa sana. Yule wa kwenye ngano hakuwa amegusa gurudumu. Mama Salome alikwishanunua nusu ya mabati kwa vitumbua vyake; alipungukiwa na mbao na fundi tu. Kumbe hata Herakle asingemfukuza.

Jumapili alisimama kikaoni na daftari lake, akasoma alichokipata.

"Ina maana haimo?" akauliza mwenyekiti.

"Haimo, baba. Si Agano la Kale, si Jipya."

Mzee Kilango akakohoa. "Hata kama haimo, ni maneno ya kweli."

"Basi, babu, naomba tumwambie Mama Salome kwamba ni maneno yetu."

Ukumbi ukanyamaza. Mwenyekiti akamgeukia mweka hazina, akauliza mbao za paa la vyumba viwili ni shilingi ngapi.